Kuchelewa Mara Tatu Bila Kuchelewa

Taarifa ya akaunti ya amana ina namna ya kumtisha mnunuzi wa nyumba hata pale asipokuwa na kosa, na namna ya kumtuliza pale alipo na kosa la kweli. Inakuja mwisho wa mwaka kwa baruapepe, ukurasa mmoja au miwili, safu za tarehe upande wa kushoto na safu za fedha upande wa kulia. Chini kabisa kuna jumla. Wengi huiangalia hiyo jumla, wakailinganisha na wanachokumbuka kulipa, kisha wakafunga simu. Lakini jumla haisemi kama fedha zilifika kwa wakati uliokubaliwa, na katika mkataba wa mauzo wakati una uzito sawa na kiasi.

Nitaeleza kazi hii kwa mfano nilioutunga makusudi, ingawa kila kilichomo hutokea. Mnunuzi ni mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi Maskati. Ananunua fleti ya vyumba viwili Nyali, jengo likiwa bado liko kwenye ramani. Bei ni Sh8 milioni. Mwendelezaji na mawakili wa pande zote mbili wamekubaliana kwamba malipo yote yaende kwenye akaunti ya amana inayosimamiwa na benki, na benki iandike leja ya kila fleti peke yake. Fleti yake ni C7. Mkataba ni wa tarehe 3 Machi 2025.

Taarifa aliyotumiwa, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2025, ina mistari minne ya fedha zilizoingia:

28/02/2025 – Sh750,000 – awamu ya 1 – imelipwa
03/06/2025 – Sh1,596,250 – awamu ya 2 – imelipwa, siku 2 za kuchelewa
29/08/2025 – Sh1,600,000 – awamu ya 3 – imelipwa, siku 3 za kuchelewa
19/11/2025 – Sh1,600,000 – awamu ya 4 – imelipwa, siku 2 za kuchelewa

Chini yake: jumla Sh5,546,250. Kisha mstari wa mwisho: riba ya ucheleweshaji Sh4,602.74.

Mtu akisoma haraka anaona mnunuzi mlegevu aliyechelewa mara tatu mfululizo, ingawa mwishowe analipa. Ukweli ni tofauti kabisa. Hakuchelewa hata mara moja kati ya hizo tatu. Ila kuna kosa moja la kweli ndani ya mistari hiyo, nalo limegongwa muhuri wa “imelipwa”.

Njia ya kulifikia ni kuiweka taarifa kando kwanza. Ukianza nayo, utakuwa unafuata hesabu ya aliyeiandika, na swali lako litakuwa “je, amejumlisha sawasawa?” badala ya “je, nilitakiwa kulipa nini na lini?” Jibu la swali hilo la pili limo ndani ya mkataba peke yake. Kwa hiyo chukua karatasi tupu, fungua mkataba kwenye kifungu cha bei, andika awamu moja moja: kiasi chake, tukio linaloifanya idaiwe, na siku ya mwisho ya kulipa ambayo umeihesabu mwenyewe.

Mkataba wa C7 unasema hivi. Asilimia 10 wakati wa kusaini, yaani Sh800,000. Asilimia 20, Sh1.6 milioni, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya mkataba. Asilimia 20 nyingine ndani ya siku 14 baada ya mnunuzi kupokea ilani pamoja na nakala ya cheti cha msanifu majengo kinachothibitisha kwamba zege la paa limemwagwa. Asilimia 20 tena, kwa utaratibu huohuo, lipu na madirisha yakikamilika. Asilimia 30 ya mwisho, Sh2.4 milioni, italipwa nyumba ikiwa tayari na nyaraka za kuhamisha umiliki zimekamilika. Kufikia Desemba, awamu nne za kwanza zilikuwa zimekwisha kudaiwa, na jumla yake ni Sh5.6 milioni.

Hapo pana pengo. Taarifa inasema Sh5,546,250. Tofauti ni Sh53,750, na usiandike neno lolote kwa benki kabla ya kujua kila shilingi ya pengo hilo imetoka wapi. Pengo moja huweza kuwa na vyanzo viwili visivyohusiana, na hapa ndivyo ilivyo.

Sehemu kubwa ni Sh50,000, na iko kwenye awamu ya kwanza: mkataba unataka Sh800,000, leja inaonyesha Sh750,000. Mnunuzi anakumbuka. Mwezi wa Februari, kabla hata wakili hajaandaa mkataba, kaka yake alikwenda ofisi ya mauzo akalipa kwa M-Pesa ada ya kuhifadhi nyumba ili fleti isiuzwe kwa mwingine. Ada hiyo ilikwenda moja kwa moja kwa mwendelezaji, maana akaunti ya amana ilikuwa bado haimhusu. Je, inahesabika kama sehemu ya asilimia 10? Stakabadhi ya ofisi ya mauzo pekee haitoshi kujibu. Tafuta kwenye mkataba sentensi ambayo muuzaji anakiri kwamba amepokea fedha hizo na kwamba ni sehemu ya bei. Katika mkataba wa C7 sentensi hiyo ipo, kwa hiyo mnunuzi hana deni la Sh50,000. Kama isingekuwapo, angeweza kuambiwa kwamba ile ilikuwa ada ya huduma, na asilimia 10 haijatimia hadi leo.

Hata hivyo jambo halijaisha. Fedha hizo ni zake katika hesabu ya bei, lakini haziko ndani ya amana. Mradi ukikwama, masharti ya akaunti ya amana yatazilinda zile Sh750,000, na hizi Sh50,000 itabidi azidai kwa mwendelezaji mwenyewe kama mdai mwingine yeyote. Ombi la haki ni mwendelezaji azihamishie kwenye akaunti ya amana, leja ya C7, na ofisi za mauzo hukubali kwa urahisi zaidi zikiombwa kwa maandishi mapema kuliko zikiombwa wakati wa mgogoro.

Sehemu ya pili ya pengo ni Sh3,750, nayo iko kwenye awamu ya pili. Mnunuzi ana karatasi ya benki yake ya Maskati inayoonyesha aliagiza Sh1.6 milioni. Hajakosea kuagiza. Zilizofika ni Sh1,596,250. Fedha zinazotoka nchi moja kwenda nyingine mara nyingi hupitia benki ya katikati, na benki hiyo hukata ada yake kutoka kwenye fedha zenyewe isipokuwa mtumaji amechagua kuzibeba gharama zote. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya gharama yenye machaguo matatu: OUR, SHA na BEN. Ukichagua OUR, mtumaji analipa gharama zote. SHA maana yake kila upande unabeba za kwake, na makato ya njiani humwangukia mpokeaji. BEN maana yake mpokeaji anabeba zote. Mwezi wa Juni fomu yake ilikuwa na SHA, na huenda aliyeijaza ni karani wa benki, mteja akasaini tu. Mwezi wa Agosti alichagua OUR, ndiyo maana Sh1.6 milioni zilifika kamili.

Kwa mtu aliyelipa mamilioni, Sh3,750 ni nauli na chakula. Kwa mkataba si hivyo. Mkataba huu unasema malipo yote yafike “kamili, bila makato ya aina yoyote”. Awamu iliyopungua shilingi moja ni awamu ambayo haijalipwa kikamilifu, na kifungu cha ukiukaji kinampa muuzaji haki ya kutoa ilani ya siku 21; siku hizo zikipita bila deni kulipwa, anaweza kuvunja mkataba na kubaki na asilimia 10 ya bei. Asilimia 10 hapa ni Sh800,000. Mwendelezaji mwenye nia njema hatafanya hivyo kwa Sh3,750, na akifanya, mahakama ina mambo mengi ya kuuliza. Lakini bei za Nyali zikipanda na mnunuzi mwingine akajitokeza na fedha taslimu, deni dogo lililosahaulika linaweza kutafutwa kwa bidii ya ajabu. Ndiyo maana nasema hili ndilo kosa pekee la kweli kwenye taarifa ile, na ndilo ambalo taarifa yenyewe haikuliona. Safu ya “imelipwa” ilijazwa na mfumo au mtu aliyekuwa akiangalia tarehe tu. Kwake, mstari ukiwa na fedha, awamu imelipwa.

Sasa tarehe, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi alipotuhumiwa.

Awamu ya pili. Siku 90 tangu 3 Machi 2025, ukianza kuhesabu siku inayofuata, zinaangukia 1 Juni 2025. Aliyeandika taarifa amehesabu vizuri mpaka hapo. Fedha zimefika 3 Juni, akaandika siku mbili za kuchelewa. Hakutazama kalenda. Tarehe 1 Juni 2025 ilikuwa Jumapili, na tena Sikukuu ya Madaraka. Sheria ya Kenya ya sikukuu za umma inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata nayo ni mapumziko, kwa hiyo Jumatatu tarehe 2 benki zilifungwa. Mkataba una kifungu, kimejificha karibu na mwisho pamoja na maana za maneno, kinachosema siku ya mwisho ya kulipa ikiangukia siku isiyo ya kazi inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumanne, 3 Juni. Fedha zilifika siku hiyohiyo.

Kifungu hicho lazima kiwe ndani ya mkataba wako. Mtu asidhani kwamba kila tarehe inayoangukia Jumapili inasogea yenyewe. Kama mkataba umenyamaza, muuzaji ana hoja ya kusema ulipaswa kulipa Ijumaa iliyotangulia. Angalia pia jinsi “siku ya kazi” ilivyoelezwa. Mikataba mingi huitoa Jumamosi hata kama matawi ya benki yako wazi nusu siku. Kwa walio Oman kuna ugumu wa ziada: wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ya Kenya ni Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo nchi zote mbili zinafanya kazi ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi, na fedha zikikosa Alhamisi huenda zikalala hadi wiki inayofuata.

Awamu ya tatu inafundisha jambo jingine. Cheti cha msanifu majengo kina tarehe 12 Agosti 2025. Mwandishi wa taarifa amehesabu siku 14 kutoka hapo, akapata 26 Agosti. Fedha zimeingia 29 Agosti, kwa hiyo siku tatu. Lakini mkataba hausemi siku 14 tangu cheti kutolewa. Unasema tangu mnunuzi apokee ilani pamoja na nakala ya cheti. Ilani ilitumwa kwa baruapepe Ijumaa ya 15 Agosti, saa moja jioni. Kifungu cha ilani kinasema baruapepe iliyotumwa baada ya saa kumi na moja jioni huhesabika kuwa imepokewa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu ya 18 Agosti. Siku 14 kutoka hapo ni 1 Septemba. Fedha zimefika siku tatu kabla ya muda kwisha.

Hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wasifute baruapepe, wala wasitegemee ujumbe wa WhatsApp wa ofisi ya mauzo. Ile baruapepe yenye saa na tarehe yake ndiyo inayougeuza msimamo wote. Na kabla hujahesabu siku hata moja, kisome cheti chenyewe. Kimesainiwa na msanifu aliyetajwa kwenye mkataba? Kenya ina bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji ujenzi, BORAQS, na jina la aliyesaini linaweza kuulizwa huko. Kinataja jengo lako, ikiwa mradi una majengo mawili au matatu? Na kinathibitisha hatua ileile iliyoandikwa kwenye ratiba? Cheti kinachosema “kazi ya zege inaendelea vizuri” hakithibitishi kwamba zege la paa limemwagwa. Ilani iliyoambatana na cheti cha namna hiyo haijaanzisha siku 14, na awamu bado haidaiwi. Mnunuzi anaweza kulipa kwa hiari yake, ila ajue amelipa kabla ya wakati, tena kwa kazi ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Awamu ya nne ndiyo inayohitaji subira zaidi, maana ushahidi wake hauko kwenye leja. Ilani ilipokewa Jumatatu ya 3 Novemba, siku ya mwisho ni Jumatatu ya 17 Novemba, na hapo hakuna ubishi. Leja inasema fedha ziliingia 19 Novemba. Mnunuzi anajua kwamba kaka yake alizilipa Mombasa Ijumaa ya 14 Novemba. Nani mkweli?

Wote wawili. Kenya, malipo ya Sh1 milioni na zaidi kati ya benki hayaendi kwa hundi. Yanapita kwenye mfumo wa RTGS wa Benki Kuu, na yakitumwa ndani ya saa za kazi hufika siku hiyohiyo. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya amana ya mradi tarehe 14. Lakini kaka alijaza jina lake kama mlipaji, na kwenye sehemu ya maelezo akaandika “malipo ya nyumba”. Mradi una fleti nyingi. Benki ikapokea Sh1.6 milioni kutoka kwa mtu asiye kwenye orodha ya wanunuzi, bila namba ya fleti, ikaziweka kwenye hesabu ya muda ya fedha ambazo mwenyewe hajulikani. Zilikaa hapo hadi Jumatano ya 19, mtu alipopiga simu kuuliza, ndipo zikahamishiwa leja ya C7. Leja imeandika siku ya kuhamishwa. Mkataba unahesabu siku fedha zilipoingia akaunti ya amana zikiwa tayari kutumika.

Ili kulithibitisha hili, mnunuzi anahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni uthibitisho wa RTGS kutoka benki ya kaka yake, wenye namba ya muamala na tarehe 14 Novemba. Ya pili ni mstari wa taarifa ya akaunti nzima ya mradi, ile ya benki yenyewe, unaoonyesha namba hiyohiyo ikiingia siku hiyohiyo. Benki haitampa taarifa nzima kwa sababu ina siri za wanunuzi wengine, lakini inaweza kutoa dondoo ya mstari mmoja, na wakili akiiomba mara nyingi inatolewa. Kwa fedha zinazotoka nje, kama zile za Juni na Agosti, kitu cha kuomba ni nakala ya ujumbe wa SWIFT yenye namba ya UETR. Ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake, na kwa namba hiyo benki inaweza kufuatilia fedha zilipita wapi, zilikatwa kiasi gani, na zilifika lini.

Wapo pia wanaolipa awamu moja vipande vipande kwa M-Pesa au PesaLink, kwa kuwa mifumo hiyo ina ukomo: M-Pesa Sh250,000 kwa muamala na Sh500,000 kwa siku, PesaLink chini kidogo ya Sh1 milioni. Hakuna ubaya, mradi ukumbuke kwamba awamu hutimia siku kipande cha mwisho kinapofika. Vipande vitatu vilivyofika kwa wakati na kimoja kilichochelewa ni awamu iliyochelewa, angalau kwa kiasi cha kile kipande.

Tukirudi kwenye ile riba ya Sh4,602.74, sasa tunaweza kuifungua. Mkataba unatoza asilimia 15 kwa mwaka juu ya kiasi kilichochelewa, kwa siku. Juu ya Sh1.6 milioni hiyo ni takriban Sh658 kwa siku. Mara siku saba, yaani mbili na tatu na mbili, ndiyo hiyo Sh4,602.74. Hesabu ni sahihi, ila siku zote saba hazipo, na riba yote inaanguka. Deni halisi ni la Sh3,750 zilizopungua tangu 3 Juni. Kufikia 31 Desemba zimepita siku 211. Asilimia 15 ya Sh3,750 ni Sh562.50 kwa mwaka, na kwa siku 211 inakuwa Sh325. Hivyo mnunuzi alidaiwa Sh4,075 mwisho wa mwaka, na kila siku inaongeza shilingi moja na nusu.

Wengine hushauri asitaje hizo Sh3,750, kwa kuwa upande wa pili haujaziona. Sikubaliani nao hata kidogo. Kimya hicho kinamwacha muuzaji na silaha ambayo hajaijua bado, na ataijua siku ya kukamilisha mauzo, wakili wake atakapojumlisha senti kwa senti kabla ya kuachia nyaraka. Wakati huo mnunuzi atakuwa ameshapanga fanicha na tiketi ya ndege. Anayelipa upungufu wake mwenyewe kabla ya kuombwa ndiye pia anayeaminika anapokataa riba isiyo halali.

Lipo swali ambalo walio Ghuba huniuliza mara kwa mara: mbona Dubai mambo haya yana mpangilio? Dubai ina sheria mahususi, Sheria Namba 8 ya mwaka 2007, inayomlazimu mwendelezaji anayeuza nyumba ambazo hazijajengwa kufungua akaunti ya amana ya mradi huo peke yake, chini ya usimamizi wa Idara ya Ardhi, na jengo likikamilika asilimia 5 hubakizwa humo hadi mwaka mmoja baada ya nyumba kusajiliwa kwa majina ya wanunuzi. Kenya haina sheria ya namna hiyo kwa ajili ya nyumba za kwenye ramani. Kuna kanuni zinazowabana mawakili kuweka fedha za wateja kwenye akaunti tofauti na zao, lakini ulinzi wa mnunuzi kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maneno ya mkataba wake na ya makubaliano ya amana. Ndiyo maana anayenunua Mombasa au Nairobi inampasa aikague taarifa yake mwenyewe, kifungu kwa kifungu, maana hakuna idara inayofanya hivyo kwa niaba yake.

Kwa sababu hiyohiyo, mabadiliko ya ratiba yasibaki ya mdomo. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi au haki juu ya ardhi uwe wa maandishi, umesainiwa na wahusika, na saini zishuhudiwe. Afisa wa mauzo akikwambia kwa upole, “Usijali ndugu yangu, lipa baada ya Idi,” mshukuru, kisha mwombe wakili wako aandike nyongeza ya mkataba yenye tarehe mpya na saini za pande zote. Taarifa ya amana itaandaliwa kwa kufuata ratiba iliyosainiwa, na mtu aliyekuahidi huenda akawa amehamia kampuni nyingine.

Taarifa hii pia ina mipaka yake. Leja ya C7 inaonyesha kilichoandikwa kwa jina la C7. Haionyeshi kama fedha bado zipo. Kama makubaliano yanaruhusu mwendelezaji kutoa fedha kila hatua ya ujenzi inapothibitishwa, basi omba pia orodha ya zilizotoka, ujue zimetoka kwa vyeti vipi. Ukiona fedha za awamu ya nne zimeachiliwa tarehe iliyotangulia cheti cha lipu na madirisha, hilo ni jambo zito kuliko riba ya elfu nne, na linapaswa kwenda kwa wakili siku hiyohiyo. Na hakuna karatasi ya benki inayoweza kukuambia kama lipu imepigwa kweli. Mtu wa kwenda kuliangalia jengo anahitajika, akiwa na cheti mkononi.

Barua ya mnunuzi wa C7 kwa benki, nakala kwa mawakili wote wawili, haihitaji kuwa ndefu. Ingekwenda hivi:

“Kuhusu taarifa ya fleti C7 hadi 31 Desemba 2025. Naomba marekebisho yafuatayo. Awamu ya 2: siku ya mwisho ilikuwa 3 Juni kwa mujibu wa kifungu cha siku za kazi, hakukuwa na kuchelewa. Awamu ya 3: siku 14 zinahesabiwa tangu kupokewa kwa ilani, 18 Agosti, nakala ya baruapepe imeambatishwa. Awamu ya 4: fedha ziliingia akaunti ya amana 14 Novemba, uthibitisho wa RTGS umeambatishwa, nami naomba dondoo ya mstari huo kutoka akaunti ya mradi. Riba ya Sh4,602.74 ifutwe. Nakiri upungufu wa Sh3,750 katika awamu ya 2 uliotokana na makato ya benki, na nimeulipa leo pamoja na riba yake hadi leo, kwa maelezo ‘C7 awamu ya 2 upungufu’. Sh50,000 zilizopokewa na muuzaji, kama alivyokiri kwenye mkataba, naomba azihamishie leja ya C7. Tafadhali nitumieni taarifa mpya kabla ya ilani ya awamu ya 5.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye haraka. Ilani ya awamu ya tano ikishafika, siku zinaanza kuhesabika kwa Sh2.4 milioni, na mwenye kubishana juu ya riba ya mwaka uliopita atajikuta anabishana huku saa ya malipo makubwa kuliko yote ikikimbia. Taarifa iliyosahihishwa ikiwa tayari mkononi mwa mawakili wote wawili, hesabu ya kukamilisha mauzo inabaki na mstari mmoja tu wa kulipa: Sh2,400,000, kwa OUR ikiwa zinatoka Maskati, na namba ya fleti kwenye sehemu ya maelezo.